Kabla Hujatuma Pesa ya Kiti cha Magurudumu, Omba Picha ya Ubavuni

Mwezi uliopita dada yangu alinitumia kutoka Tanga picha ya kiti cha magurudumu. "Kaka, tumepata kiti cha kulaza, kimetumika kidogo tu. Mwenyewe anataka pesa yake Ijumaa. Kitamfaa mpwao?"

Mpwa wangu ana miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa bila kuegemezwa, na misuli yake hukakamaa ghafla.

Mimi hutengeneza viti hivi hapa Leicester, kwa hiyo ndugu na marafiki hunitumia picha nyingi. Nyingine ni rahisi. Ukiona chini ya kikalio vyuma viwili vimepishana kama herufi X, hicho ni cha kukunja, cha mtu anayeweza kukaa mwenyewe. Magurudumu makubwa yakiwa yametanuka chini na kukaribiana juu, ni cha michezo. Lakini cha dada kilikuwa na mgongo mrefu, kiegemeo cha kichwa na magurudumu madogo, na viti vya aina mbili tofauti huonekana hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Mwombe akilaze, kisha akipige picha kwa ubavuni."

Picha ikaja. Mgongo umelala, kikalio kimebaki pale pale. Basi hicho ni cha kulaza mgongo tu. Humfaa mtu ambaye nyonga zake hazikunjiki vizuri. Kwa mtoto wetu, mgongo ukilala nyonga zinafunguka, misuli inakaza, mwili unanyooka na anateleza mbele. Ukimvuta kumrudisha, ngozi ya makalio inakwaruzika, na vidonda huanzia hapo.

Anachohitaji ni cha kuinamisha: mgongo na kikalio hurudi nyuma pamoja, magoti yakapanda, na nyonga zikabaki zimekunjwa vile vile. Uzito huhama kutoka makalioni kwenda mgongoni, ingawa kiti kikiinama chini ya digrii 30 hivi, nafuu ni ndogo.

"Cha hivyo tutakipata wapi, kaka?" Swali la haki. Ni vizito, vingi havikunjiki, na magurudumu madogo huzama kwenye mchanga wa mtaa wetu.

Halafu picha haisemi upana. Nilimwambia amkalishe mtoto kwenye benchi gumu, mtu amshikilie, apime nyonga palipo pana zaidi, kisha kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti. Nyonga zilikuwa sentimita 26. Kikalio cha kiti kile, mwenyewe alipokipima, kilikuwa 43. Mtoto angelala upande mmoja siku nzima.

Ijumaa ikapita, pesa sikutuma, na dada alininunia siku mbili. Sasa amepata mtu wa Korogwe mwenye kiti kingine. Nimemwambia aanze na picha ya ubavuni.