Slipu Inasema Umekatwa, Hospitali Inasema Hujalipa

Wafanyakazi wengi wa Kenya hugundua jambo hili wakiwa tayari hospitalini. Mtoto amelazwa au mke anangojea upasuaji, karani wa mapokezi anaingiza nambari ya kitambulisho kwenye kompyuta, kisha anasema michango haijakamilika. Mfanyakazi anatoa slipu ya mshahara iliyokunjwa mfukoni na kuonyesha mstari wa SHIF, pesa zimekatwa mwezi baada ya mwezi. Karani hana la kufanya. Anachokiona yeye ni kilichoingia kwenye hazina, na slipu haimwambii chochote kuhusu hilo.

Sababu ya tatizo hili kujificha muda mrefu ni namna bima yenyewe ilivyopangwa. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa kutoka hazina nyingine ya serikali, na mwananchi anahitaji tu kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kwa hiyo unaweza kutibiwa malaria mwezi wa tatu, ukarudi na kikohozi mwezi wa tano, usijue kwamba mwajiri wako aliacha kuwasilisha michango tangu Februari. Ni pale unapohitaji kulazwa au kufanyiwa upasuaji ndipo michango huulizwa.

Tangu Oktoba 2024, SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuziwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kuna jambo hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Kwenye NSSF na ushuru wa nyumba, mwajiri huongeza sehemu yake juu ya ile uliyokatwa. Kwenye SHIF haongezi hata senti. Pesa zote ni jasho lako, na yeye ni wa kuzipeleka tu. Kampuni inayozishika imetumia mshahara wa watu wake kuendeshea shughuli zake, hata kama mwenyewe anauita ugumu wa biashara.

Lakini kabla ya kugonga mlango wa meneja, hakikisha unajua umekutana na tatizo gani, kwa sababu rekodi tupu ina zaidi ya maana moja. Mwajiri hupeleka vitu viwili: malipo, na orodha ya wafanyakazi yenye nambari za vitambulisho na kiasi cha kila mmoja. Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa kwenye orodha, pesa zinaweza kufika na zisionekane kwako. Vivyo hivyo, aliyekuwa mwanachama wa NHIF alitakiwa kujisajili upya na SHA, na asiyefanya hivyo anaweza kujikuta na rekodi yenye mapengo bila mwajiri kuwa na hila yoyote.

Tuchukue mfano wa karani wa ghala Changamwe, Mombasa, anayelipwa shilingi 32,000. Asilimia 2.75 yake ni shilingi 880, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kila slipu yake tangu Januari 2025. Tarehe 14 Julai anabonyeza *147# kwenye simu, kisha anaingia kwenye akaunti yake ya Afya Yangu kutazama michango kwa utulivu. Januari ipo, na Februari ipo. Kuanzia Machi hadi Juni hakuna kitu. Mchango wa Juni ulipaswa kufika tarehe 9 Julai, kwa hiyo huo mmoja pengine umechelewa tu kuingizwa. Machi, Aprili na Mei hazina udhuru huo.

Hatua yake ya pili ndiyo inayotenganisha kosa la orodha na pesa zilizoshikwa: anawaomba wenzake wawili anaowaamini watazame rekodi zao. Wote wawili wana pengo lilelile, kuanzia Machi. Hapo kosa la kitambulisho linakuwa gumu kuaminika. Laiti wenzake wangekuwa sawa na yeye peke yake ana pengo, angeanza kwa kumwomba mhasibu wa mishahara amwonyeshe nambari ya kitambulisho iliyo kwenye orodha, na huenda jambo lingekwisha siku hiyohiyo. Akiweza, atazame na taarifa yake ya NSSF. Nayo hulipwa kufikia tarehe 9, na ikiwa imesimama mwezi uleule wa Machi, basi kampuni ina upungufu wa pesa na haikusahau fomu moja.

Sasa anaandika. Nasisitiza kuandika, kwa sababu malalamiko ya mdomo kwenye korido huisha kwa “tutaangalia”, na miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka kuwa uliuliza. Barua pepe yatosha. Mahali pasipo na barua pepe, karatasi mbili zinatosha, moja abaki nayo meneja na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa au itiwe sahihi na tarehe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa katiba, kwa hiyo asiyejiamini kwa Kiingereza asinyamaze kwa sababu hiyo. Barua ya karani wetu inaweza kuwa fupi hivi:

“Kwa Meneja wa Rasilimali Watu. Leo, tarehe 14 Julai 2025, nimetazama rekodi yangu ya SHA. Michango ya Januari na Februari ipo. Ya Machi, Aprili, Mei na Juni haionekani, ingawa slipu zangu zinaonyesha nimekatwa shilingi 880 kila mwezi, jumla shilingi 3,520. Naomba kujulishwa kama pesa hizo zimewasilishwa. Kama zimewasilishwa, naomba nambari ya malipo na nambari ya kitambulisho iliyotumika kwa jina langu. Kama bado, naomba kujulishwa zitawasilishwa tarehe gani. Nimeambatisha nakala za slipu na picha ya rekodi. Nitashukuru kupata jibu kufikia Ijumaa, tarehe 25 Julai.”

Barua hii haimwiti mtu mwizi. Inataja miezi, kiasi na tarehe, kisha inauliza maswali ambayo mtu mwenye majibu hawezi kushindwa kuyajibu. Asiyekuwa nayo atatambua kwamba ameulizwa kwa maandishi. Karani hakuwataja wenzake pia, na alifanya vyema. Kila mmoja ana haki ya kuamua mwenyewe lini atasema. Kama wako tayari kuandika pamoja au kupitia chama cha wafanyakazi, ni bora zaidi, maana ni vigumu kumwandama mmoja kati ya ishirini.

Majibu yanayokuja huwa yanafanana. Likiwa “tumelipa, shida ni mfumo”, rudi kwenye nambari ya malipo na ukurasa wa orodha wenye jina lako. Malipo ya kweli huacha alama, na ukiwa nayo unaweza kwenda nayo ofisi ya SHA au dawati lake kwenye Kituo cha Huduma ili yatafutwe. Likiwa “biashara ni ngumu, tutalipa polepole”, omba tarehe kwa maandishi, kisha tazama rekodi tena tarehe hiyo ikipita.

Jibu la kuogopa kuliko yote ni lile linalosikika kama wema: “Njoo nikurudishie hizo 3,520 mkononi, tumalizane.” Usikubali kwa haraka. Pesa ikiwa mfukoni mwako, pengo kwenye rekodi linabaki palepale, na hospitali itaendelea kuliona. Tena utakuwa umempa mwajiri karatasi ya kuonyesha kuwa mlielewana, ilhali sheria inamtaka alichokata kwa ajili ya hazina akifikishe kwenye hazina. Kama wakati huo ulilazimika kulipa hospitali kutoka mfukoni, hilo ni deni jingine. Tunza risiti zote na barua ya hospitali inayosema kwa nini bima haikufanya kazi, uzidai kando.

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kufutwa, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu watu wamewahi kufutwa kwa kuuliza kidogo kuliko hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba kulalamika dhidi ya mwajiri, au kumpeleka mahakamani, si sababu halali ya kumfuta mfanyakazi, isipokuwa ithibitike malalamiko yenyewe hayakuwa na msingi. Ndiyo maana picha ya rekodi na slipu ni muhimu hivyo. Mahakama ya Ajira ikiona mtu amefutwa isivyo haki, inaweza kumwamuru mwajiri amlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Sheria hiyohiyo inalifanya kosa la jinai kukata mshahara wa mtu na kutopeleka pesa panapostahili, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Sheria haizuii uonevu usitokee. Inampa aliyeonewa mahali pa kuanzia, mradi ana karatasi.

Ijumaa ikipita bila jibu, karani wetu ana milango miwili, na anaweza kubisha yote. SHA ina maafisa wa kufuatilia waajiri na inaweza kuidai kampuni moja kwa moja. Afisa wa kazi wa kaunti hupokea malalamiko ya makato na kumwita mwajiri ajieleze. Kwa ofisi zote mbili abebe vitu vilevile: nakala za slipu, picha ya rekodi yenye tarehe, barua aliyoandika na uthibitisho kwamba ilipokelewa. Na akae nazo nyumbani, kwa sababu kampuni inayoona mashtaka yanakuja inaweza kumfungia njia ya kufikia slipu zilizo kwenye mfumo wake.

Aliyeacha kazi au kufutwa naye hajapoteza haki yake. Madai ya ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu jambo kutokea, na kwa madhara yaliyokuwa yakiendelea ni miezi 12 baada ya kukoma. Miezi hiyo hupita upesi kwa anayehangaika kutafuta kazi nyingine. Kwa hiyo wewe unayesoma haya, uwe bado kazini au umeondoka, bonyeza *147# leo, piga picha ya unachokiona, na ukiweke pamoja na slipu zako.