Kumwongoza Msikilizaji katika Hotuba Ndefu

Soma swali hili:

"Wewe ni mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji. Andika hotuba utakayoitoa katika mkutano wa hadhara kuhusu namna ya kujikinga na kipindupindu."

Watahiniwa wengi hawakosi hoja katika swali la namna hii. Wanajua kwamba maji yachemshwe, choo kitumike, mikono inawiwe na mgonjwa awahishwe zahanati. Wanapokosea ni kwamba wanaandika insha ya kusomwa kwa macho, wanaibandika salamu mwanzoni na "ahsanteni kwa kunisikiliza" mwishoni, basi. Mtungo huo una sura ya hotuba lakini ukisomwa kwa sauti mbele ya watu, unawapotezea njia.

Katika sehemu hii utajifunza kuandika maneno yanayomwongoza msikilizaji kutoka hoja moja hadi nyingine. Tutatumia swali hilohilo la kipindupindu hadi mwisho.

1. Msikilizaji hana ukurasa

Msomaji akipotea, hurudi juu akasoma tena. Huona kichwa cha habari, huona aya mpya inapoanza, huona ni kurasa ngapi zimebaki. Msikilizaji aliyekaa chini ya mwembe hana hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna ubao, hakuna picha, hana karatasi mkononi. Mtoto akilia au pikipiki ikipita, sentensi mbili zimempotea na hawezi kuzirudia.

Kupotea huko kuna madhara. Katika hotuba yetu, maji yanatajwa mara mbili. Mara ya kwanza ni maji ya kunywa nyumbani. Mara ya pili ni lita moja ya maji safi ya kukorogea paketi ya dawa ya chumvichumvi, anayopewa mgonjwa anayeharisha. Mama aliyekosa sentensi inayotenganisha sehemu hizo mbili anaweza kurudi nyumbani akidhani ile paketi ni ya kutiwa kwenye ndoo ya maji ya kunywa ili kukinga familia. Mganga hakusema hivyo, ila hakumwonesha kwamba ameshatoka kwenye kinga na sasa anazungumzia tiba.

Kwa hiyo, kila kitu ambacho msomaji hukiona kwa jicho, wewe mwandishi wa hotuba unapaswa kukigeuza kuwa maneno.

2. Toa ramani mwanzoni

Mara baada ya salamu na kutaja mada, mwambie msikilizaji atapitishwa wapi. Taja idadi ya mambo, kisha yape majina mafupi:

"Leo nitazungumzia mambo matatu. La kwanza ni maji. La pili ni choo na mikono. La tatu ni mgonjwa."

Zingatia mambo mawili hapa. Kwanza, majina ni mafupi: neno moja hadi matatu. Usiseme "jambo la kwanza ni umuhimu wa kuhakikisha kwamba maji yote yanayotumika majumbani yanakuwa salama". Sentensi hiyo haishikiki kichwani. Pili, majina haya usiyabadilishe baadaye. Katika insha tunafundishwa kutumia visawe ili tusirudierudie. Katika hotuba, jambo uliloliita "choo" mwanzoni, ukilifikia ukaliita "usafi wa mazingira", msikilizaji atadhani umeanza jambo jipya.

Wazungumzaji wazoefu wanajua nguvu ya majina mafupi. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilieleza taifa msimamo wa nchi. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Watu wengi walimsikia redioni. Aliupanga msimamo huo katika maneno matatu: uwezo, sababu na nia, kila moja katika sentensi ya umbo lilelile. Hata leo wazee wengi wanaweza kukutajia maneno hayo matatu bila kusita.

3. Jenga daraja kati ya hoja na hoja

Hapa ndipo hotuba nyingi huanguka. Mtahiniwa anamaliza hoja ya maji, anaweka nukta, anaandika "Vilevile" na kuanza hoja ya choo. Neno "vilevile" linasema tu kwamba kuna kitu kingine. Halisemi kilichoisha ni nini, wala tumefika wapi.

Daraja zuri lina kazi tatu: kufunga hoja iliyopita, kusema tumefika wapi, na kufungua hoja inayofuata kwa kuonesha inahusianaje na ile iliyopita. Tazama:

"Hayo ndiyo ya maji: yachemshe, yafunike, yachote kwa chombo kisafi. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kati ya matatu. Lakini maji safi hayatakusaidia ikiwa mkono unaoyachota umetoka chooni bila kunawa. Kwa hiyo, ndugu wananchi, twende kwenye jambo la pili: choo na mikono."

Sentensi ya kwanza inafunga kwa muhtasari wa maneno machache. Aliyepitwa na maelezo yote sasa ameyapata kwa ufupi. Sentensi ya pili inahesabu. Sentensi ya tatu, inayoanza na "Lakini", ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu inaeleza kwa nini hoja ya pili inaifuata ya kwanza. Sentensi ya nne inataja jina lilelile lililotajwa kwenye ramani.

Daraja la pili linavuka kutoka kinga kwenda tiba, yaani pale ambapo yule mama alipotea. Lifanye liwe wazi zaidi:

"Maji tumeyamaliza. Choo na mikono tumemaliza. Hizo zote ni kinga, ni za mtu mzima asiye na ugonjwa. Sasa tuache kinga. Je, mtu akianza kuharisha usiku wa leo, tumfanyie nini? Hilo ndilo jambo la tatu na la mwisho: mgonjwa. Paketi nitakayoitaja sasa ni ya mgonjwa."

Swali katikati ya daraja hili lina kazi. Msikilizaji aliyeanza kusinzia huinua kichwa akisikia swali, na anasubiri jibu. Ila swali moja kwa daraja moja linatosha. Ukiuliza matatu mfululizo, hajui ajibiwe lipi.

Angalia pia nilivyotumia "ndugu wananchi" katika daraja la kwanza. Wito huo unafanya kazi ambayo aya mpya hufanya kwenye karatasi: unaashiria kwamba kitu kipya kinaanza. Ndiyo maana usiuweke katika kila sentensi. Ukisikika kila mara, hauashirii chochote.

4. Usihesabu ndani ya hesabu

Mtahiniwa mwenye bidii hupanga hivi: jambo la kwanza ni maji, chini yake, kwanza kuchemsha, pili kufunika, tatu kuchota. Kwenye karatasi mpango huu unasomeka. Masikioni, msikilizaji anasikia "kwanza, kwanza, pili, tatu, pili" na hajui tena "pili" hii ni ya nini.

Namba ziache kwa hoja kuu pekee. Hoja ndogo zipange kwa mfuatano wa wakati au wa mahali: "Ukitoka kisimani, yachemshe hadi yatokote. Yakishapoa, yatie kwenye chombo chenye mfuniko. Unapotaka kunywa, chota kwa chombo kisafi." Msikilizaji anafuata safari ya maji kutoka kisimani hadi kikombeni, wala hahitaji namba.

Na ukiahidi mambo matatu, yawe matatu. Ukikumbuka la nne katikati ya mtihani, rudi kwenye ramani urekebishe idadi, au liingize ndani ya mojawapo ya yale matatu.

5. Ondoa lugha ya macho

Haya ni maneno ya maandishi ambayo hayana maana masikioni:

• "Kama nilivyosema hapo juu." Msikilizaji hana juu. Sema: "Kama nilivyosema nilipozungumzia maji."

• "Mambo hayo mawili, la kwanza huleta ugonjwa na la pili huuzuia." Inambidi akumbuke lipi lilitajwa kwanza. Yataje upya: "Maji machafu huleta ugonjwa, maji yaliyochemshwa huuzuia."

• "Hii ni hatari." Ipi? Taja nomino: "Kuchota maji kwa mkono ni hatari."

• Vifupisho kama "n.k." na maelezo ndani ya mabano. Sauti haina mabano. Maelezo hayo yape sentensi yake.

6. Funga mara moja

Neno "mwisho" ni ahadi. Ukisema "Kwa kumalizia", watu wanaanza kukusanya kanga na viatu. Usiliseme ukiwa bado na hoja. Likishatoka, rudia ramani kwa vitendo, bila kuongeza jipya:

"Kwa kumalizia, tulizungumzia mambo matatu. Maji: yachemshe. Choo na mikono: tumia choo, nawa kwa sabuni. Mgonjwa: paketi moja katika lita moja ya maji safi, anywe, na awahishwe zahanati."

7. Kiasi

Daraja la sentensi nne linafaa kwa hotuba ya nusu saa. Katika chumba cha mtihani, hotuba yako ni fupi, hivyo daraja la sentensi mbili linatosha: moja ya kufunga, moja ya kufungua yenye namba na sababu. Hoja zikizidi nne, zigawe katika makundi, kwa mfano kinga na tiba. Maneno ya kuongoza yakizidi maelezo yenyewe, msikilizaji ataoneshwa njia bila kufikishwa popote.

Kujipima, soma hotuba yako kwa sauti kwa mwenzako aliyekupa mgongo. Mnyamazie ghafla katikati, umwulize: "Tuko jambo la ngapi, na linaitwaje?" Akishindwa kujibu, daraja la mwisho ulilopita ndilo bovu. Lirekebishe hilo.

Zoezi

Kifungu hiki kimetoka katika hotuba ya kiranja mkuu kuhusu utoro. Bainisha makosa matatu, kisha kiandike upya.

"Pia kuna suala la umbali. Kama nilivyoeleza hapo juu, hii inachangia. Mwisho, wazazi washirikishwe. Vilevile kuna njaa."

Jibu

Makosa: "hapo juu" ni lugha ya macho, "hii" haitaji kitu, "Mwisho" limetajwa kabla ya hoja ya mwisho. Mfano wa kifungu kilichorekebishwa, katika hotuba iliyoahidi mambo matatu:

"Umbali, basi, humchosha mwanafunzi kabla hajafika darasani. Hilo ni la kwanza. Lakini hata anayekaa jirani hutoroka ikiwa ana njaa. Jambo la pili, kwa hiyo, ni chakula. Mwanafunzi asiyekula mchana huondoka saa sita asirudi. Umbali na chakula hatuwezi kuvitatua sisi wanafunzi peke yetu. Ndiyo maana jambo la tatu na la mwisho ni wazazi."