Zohali Iko Nyumba Gani?

Waliozaliwa kati ya Februari 1994 na Machi 1996 wote wana Zohali katika nyota ya Samaki. Sayari hii hulizunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo hukaa katika nyota moja karibu miaka miwili na nusu, na darasa zima la shule huwa nayo mahali pamoja. Kinachomtofautisha mtu na wenzake, wasemavyo wanajimu, ni nyumba. Anga hugawanywa nyumba 12, zikihesabiwa kuanzia nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa, nayo hubadilika kila baada ya saa mbili hivi.

Wanajimu wa kale waliihesabu Zohali kuwa nuhusi kubwa. Mwaka 1976 Liz Greene, mnajimu na mwanasaikolojia, aliandika kitabu kizima kuihusu, na tangu hapo wengi huisoma hivi: nyumba ilimo Zohali ndipo mtu anapoogopa, ndipo anapojibana, na ndipo anapokuja kuwa fundi akishachelewa.

Chukua msichana aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 10 Juni 1995, saa 12 na nusu asubuhi. Jua lilikuwa katika Mapacha, nalo ndilo kwanza linachomoza, basi Mapacha ni nyumba yake ya kwanza. Ukihesabu hadi Samaki unafika ya kumi, nyumba ya kazi na cheo. Mnajimu atasema huyu anaogopa kuaibika mbele za watu. Atakataa kuongoza kikao hadi amekariri kila karatasi, wenzake watapanda vyeo wakimwacha, na akikaribia miaka 30, Zohali inaporudi pale pale, ndipo atakapokabidhiwa ofisi.

Angezaliwa siku hiyo hiyo saa 6 na nusu mchana, Mashuke ingekuwa inachomoza na Zohali ingeangukia nyumba ya saba, ya ndoa na ubia. Hofu ingehamia kwenye kufungamana na mtu: uchumba wa miaka, au mume aliyemzidi sana umri.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Programu za kompyuta hutaka saa za 24, na mtu akiambiwa na mama yake "saa 12 na nusu" huandika 12:30 badala ya 06:30. Ofisi inageuka ndoa, naye anasoma maelezo yasiyo yake.

La ajabu ni kwamba anaweza kujiona humo vilevile, maana ni nani asiyeogopa aibu kazini na ndoa pia? Mwaka 1985 Shawn Carlson alichapisha jaribio lake katika jarida la Nature. Wanajimu walipewa chati ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yaliyo yake. Walipata kama theluthi moja, sawa na anayebahatisha.