Je, Nukta na Mabano Vyaweza Kumtaja Mwandishi?

Mwalimu anapomrudishia mtoto insha kwa shutuma kwamba imetungwa na kompyuta, mzazi hana budi kuuliza: ushahidi wenyewe ni upi? Aghalabu ushahidi huo haumo katika maneno. Umo katika nukta, mabano na urefu wa aya.

Mwaka 2023 mkemia Heather Desaire na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walilipima jambo hili. Walichukua makala 64 za wanasayansi kutoka jarida la Science, wakazilinganisha na makala 128 ambazo programu ya ChatGPT ilizitunga juu ya mada zile zile. Katika kila aya walihesabu mambo 20 tu. Ikadhihirika kwamba wanasayansi walitumia zaidi mabano, deshi, nukta-mkato na alama za kuuliza, na aya zao zilikuwa ndefu zaidi. Kompyuta iliyofunzwa kwa hesabu hizo, ilipopewa makala nzima, ilitambua asili yake karibu kila mara. Ilipopewa aya moja pekee ilikosea zaidi, kwani aya moja ina alama chache mno za kuhesabiwa.

Jambo mojawapo lililohesabiwa ni tofauti ya urefu baina ya sentensi zinazofuatana. Tuseme aya ya mtu ina sentensi za maneno 6, 31, 14 na 3. Tofauti zake ni 25, 17 na 11. Aya ya kompyuta huweza kuwa na maneno 17, 19, 18 na 18. Tofauti ni 2, 1 na 0. Mtu hukimbia na kusita. Kompyuta hutembea kwa hatua sawa.

Orodha nayo husema mengi. Kompyuta hupenda kugawa jibu katika vidokezo vinavyolingana urefu, kila kimoja kikianza kwa maneno ya wino mzito na nukta mbili. Lakini mtu akiyanakili majibu hayo kwa mkono, dalili ya wino mzito hutoweka.

Hapo ndipo penye hatari. Deshi, ambayo mwaka 2023 ilikuwa dalili ya binadamu, baadaye iligeuka kuwa alama ya kuitilia shaka kompyuta, kwa sababu programu mpya zilianza kuitumia kwa wingi. Tena, kipimo kilichotokana na makala za wanasayansi hakiwezi kumhukumu mwanafunzi, ambaye huenda amefundishwa kuandika aya fupi zilizonyooka na kuepuka mabano.

Kwa hiyo, mzazi aombe insha ilinganishwe na madaftari ya zamani ya mtoto yule yule. Ikiwa tangu awali aliandika sentensi zinazolingana, usawa huo ni tabia ya mkono wake, wala si ushahidi wa hila.