Fomu Iliyozuiwa Horohoro: Soma Alama Yake Kabla ya Kuifungua

Katika ofisi za mawakala wa forodha huko Horohoro, wilayani Mkinga, mwisho wa ile barabara ya kilomita 65 itokayo Tanga mjini, wamo makarani ambao kazi yao haikomi mpakani. Kwani kampuni yenye waajiriwa ng'ambo ya pili, Lunga Lunga, ni sharti iwasilishe kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kila mwezi kabla ya kupita tarehe 9, hesabu ya kodi iliyokatwa katika mishahara ya mwezi uliotangulia. Hesabu hiyo, iitwayo P10, hujazwa katika faili la Eksel lipakuliwalo kutoka mfumo wa iTax, na ndani ya faili hilo mna makro, yaani amri zilizotungwa zitende kazi zenyewe: mjazaji abonyezapo `Validate`, hizo ndizo zikaguazo safu zote na kutoa zipu ya kupeleka kwenye mfumo. Makro zikiwa zimefungwa, kitufe hicho hakitoi jawabu lolote, na karani hubaki na fomu iliyojaa isiyopelekeka.

Sababu yake ni uamuzi wa kampuni ya Microsoft, uliotangazwa Februari 2022 na kuanza kuenea kwa watu mwaka huo huo, kwamba makro za faili lolote lililotoka kwenye mtandao zizuiwe tangu mwanzo. Zamani palitokea utepe wa manjano wenye kitufe cha `Enable Content`, na watu wakakibonyeza bila ya taamuli. Sasa hutokea utepe mwekundu ulioandikwa `SECURITY RISK`, usio na kitufe cha kuruhusu. Wala hadhari hiyo si ya bure, kwa kuwa tangu virusi vya Melissa vilivyoenea Machi 1999 kwa njia ya hati za Word, makro zimekuwa mlango waupendao wezi wa siri na fedha za watu.

Windows hulijuaje faili la mtandaoni? Kivinjari kinapolipakua hulibandika alama iliyofichika, iitwayo `Zone.Identifier`, na humo tarakimu 3 maana yake ni mtandao. Aghalabu huandikwa pia anwani ya mahali lilikotoka, na hapo, kwa rai yangu, ndipo penye faida ambayo wengi huipoteza, kwa kuwa huifuta alama kabla ya kuisoma.

Basi tumchukue karani aliyepakua zipu ya fomu, ambayo kwa mfano tutaiita `Fomu.zip`. Kabla ya kuikunjua, na afungue PowerShell katika folda ilimo, aandike:

```
Get-Content .\Fomu.zip -Stream Zone.Identifier
```

Akiona `ZoneId=3`, na katika mstari wa `HostUrl` anwani inayoanza na `https://itax.kra.go.ke/`, amejua asili yake. Akiona anwani ngeni, asiendelee. Na ikiwa hakuna anwani yoyote, basi alama haikumthibitishia kitu; airudie kazi ya kupakua kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya kuridhika, aibofye zipu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague `Properties`, na chini ya ukurasa wa `General` atie tiki penye `Unblock`, kisha `OK`. Ndipo aikunjue. Utaratibu huu una maana, kwa sababu zipu yenye alama ikikunjuliwa na Windows huyarithisha mafaili yaliyomo alama ile ile, na aliyekwisha kuikunjua hana budi kulifungulia lile faili la Eksel lenyewe kwa njia hiyo hiyo. Alifunguapo sasa, atapata ule utepe wa manjano, abonyeze `Enable Content`, na `Validate` itafanya kazi.

Wengine hubonyeza `Enable Editing` wakadhani wamemaliza. Kumbe hiyo ni ruhusa ya kuandika tu, na makro hubaki zimezuiwa. Wengine, kwa pupa ya tarehe 9, huingia `Trust Center` na kuruhusu makro zote, au hulifanya folda zima la `Downloads` kuwa mahali pa kuaminiwa, na jambo hilo nalichukia sana, maana ruhusa iliyotakiwa na fomu moja sasa wamepewa wageni wote watakaokuja baadaye. Na pale ambapo tiki ya `Unblock` haionekani kabisa, aghalabu faili halina alama. Huenda kizuizi kimewekwa na msimamizi wa kompyuta za ofisi, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Limebaki lile lililo hatari kuliko yote, nalo ni fomu iliyotumwa na mwenzako kwa WhatsApp ili akupunguzie kazi. Huenda naye alitumiwa na mwingine, na `HostUrl` haitakuonyesha ilikoanzia. Usiifungulie; ifute, uingie mwenyewe iTax ukapakue iliyo mpya.