Mbuzi imeshiba mahindi usiku, asubuhi haisimami: kinachotokea ndani ya tumbo

Wakati wa mavuno, Lusangi kama kwingine kusini mwa Maniema, mpunga, mahindi na muhogo vinaanikwa uani, na mbuzi zinatembea bila kamba. Mbuzi moja ikipata njia na kula mahindi makavu hadi kushiba, kesho yake inaweza kukutwa imelala, tumbo limejaa, haitaki hata majani mabichi. Watu wanasema imelishwa sumu. Mara nyingi ile sumu imetengenezwa ndani ya tumbo lake lenyewe.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana tumbo la vyumba vinne. Chumba cha kwanza, ambacho maveterinere wanakiita rumeni, ndicho kikubwa kuliko vyote. Kiko upande wa kushoto, na kwa mbuzi mkubwa kinaweza kubeba litre 10 hadi 20. Kinafanya kazi sawa chungu cha kuchachusha pombe: kuko maji, kuko joto la digri karibu 39, hewa ya nje haiingii, na katika kila kijiko cha yale maji kuko vijidudu mabilioni visivyoonekana kwa macho.

Mbuzi yenyewe haina nguvu ya kuvunja nyuzi ngumu za majani. Vijidudu ndivyo vinazivunja, na kazi hiyo inaacha asidi nyepesi ambazo zinapenya ukuta wa rumeni na kuingia katika damu. Hapo ndipo mnyama anapata sehemu kubwa ya nguvu zake. Kisha vijidudu vyenyewe vinasukumwa mpaka chumba cha nne na kuyeyushwa kule, kama mtu anavyoyeyusha nyama.

Vijidudu vinahitaji majani yaliyosagwa. Ndiyo maana mbuzi inakula haraka kwanza, kiisha inalala kivulini na kucheua: inarudisha tonge mdomoni, inalitafuna polepole, inalimeza tena. Kazi hii inachukua saa nyingi kila siku. Na pale inapotafuna inatoa mate mengi, yenye chumvi ya aina moja na ile bikarbonate ya waoka mikate. Mate hayo yanapunguza ukali wa asidi, na rumeni inabaki mahali pazuri. Gesi nayo inatoka kwa kubeua.

Sasa tuchukue mbuzi ya kilo 25, iliyozoea majani tu, inakula ndoo nusu ya mahindi. Vijidudu vya nyuzi havina kazi na wanga. Lakini kuko vingine, vichache, vinavyopenda wanga, na vinaongezeka haraka sana. Vinatoa asidi kali zaidi, ile inayopatikana pia katika maziwa yaliyoganda. Mahindi hayahitaji kucheuliwa sana, kwa hiyo mate nayo yanapungua wakati yanapohitajika zaidi. Vijidudu vya nyuzi vinakufa, ukuta wa rumeni unaungua, na ule uchachu unavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni. Mnyama anakauka huku tumbo limejaa maji. Ugali na mchele uliopikwa vinaweza kufanya vile vile.

Namna ya kujua: weka ngumi upande wa kushoto, nyuma ya mbavu, na subiri dakika mbili. Kwa mbuzi mzima utasikia rumeni inasukuma mara moja au mbili kila dakika. Kwa mgonjwa iko kimya, na ukisukuma unasikia maji yanacheza. Haicheui, inahara kinyesi laini chenye harufu ya uchachu, macho yanaingia ndani. Dalili zinaweza kuonekana kuanzia saa 12 hivi baada ya kula.

Ukiikuta mapema, bado imesimama, ondoa nafaka yote, ipe majani makavu tu. Bikarbonate inasaidia: gramu 1 hivi kwa kila kilo ya mnyama, yaani vijiko vidogo vitano kwa ile ya kilo 25, vikorogwe katika maji ya uvuguvugu na kunyweshwa polepole, kichwa kisiinuliwe juu, maana maji yakiingia katika mapafu yataiua. Iliyokwisha kulala usiinyweshe. Hiyo ni ya veterinere, na hata yeye hataokoa zote. Inayopona inaweza kuchechemea baadaye, juu kwato zimeumia.

Pumba za mpunga, mahindi au maganda ya muhogo si vibaya. (Maganda ya muhogo mchungu yakaushwe vizuri kwanza, ile ni sumu nyingine kabisa.) Kinachoua ni haraka. Anza na kiganja kimoja, baada ya mnyama kushiba majani, uongeze kidogo kila siku mbili au tatu. Vijidudu vinahitaji wiki mbili, hata tatu, kujipanga upya. Ukiacha kwa mwezi, anza tena kwa kiganja kimoja.