Bingwa wa Kila Kijiji: Kuipa Excel Kanuni ya Kupaka Rangi Namba ya Juu Katika Kila Kundi

Chama cha ushirika cha maziwa kinapofunga hesabu za mwezi, swali linalowagusa wanachama ni moja: katika kila kijiji, nani ameleta lita nyingi zaidi? Kumtafuta anayeongoza chama kizima ni kazi nyepesi, kwa sababu Excel ina kanuni ya tayari ya kupaka rangi namba ya juu kuliko zote. Lakini kanuni hiyo huitazama orodha kama kundi moja. Kijiji chenye malisho mazuri kikitoa namba kubwa, vijiji vingine vyote vinabaki bila rangi, hata kama vina wafugaji waliojituma kuliko wenzao. Ili kila kijiji kipate bingwa wake, inabidi tuandike fomula wenyewe.

Tuchukue orodha fupi ya mfano yenye vijiji vitatu vya Njombe. Safu A ina jina la kijiji, safu B namba ya mwanachama, safu C lita za mwezi. Vichwa vya safu viko mstari wa 1, na wanachama wanaanzia mstari wa 2.

```
     A         B     C
1    Kijiji    Na.   Lita
2    Uwemba    014   412
3    Itulike   031   365
4    Uwemba    009   438
5    Matola    022   290
6    Itulike   017   371
7    Matola    040   318
8    Uwemba    026   397
9    Itulike   005   371
10   Matola    011   276
```

Vijiji vimechanganyika, na hilo si tatizo. Huna haja ya kuipanga orodha upya.

Weka kishale kwenye seli A2, kisha buruta hadi C10. Fungua Home, halafu Conditional Formatting, halafu New Rule, na uchague Use a formula to determine which cells to format. Katika nafasi ya fomula andika hivi:

```
=$C2=MAXIFS($C$2:$C$10,$A$2:$A$10,$A2)
```

Bonyeza Format, chagua rangi ya usuli kwenye Fill, kisha OK. Kwa wanaotumia Google Sheets njia ni Format, kisha Conditional formatting, kisha Custom formula is, na fomula ni hiyo hiyo. Kuna kompyuta ambazo mipangilio yake ya nchi hutaka nukta-mkato badala ya mkato kati ya sehemu za fomula. Excel ikiikataa fomula uliyoiandika kwa usahihi, jaribu hilo kwanza.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Kanuni ya rangi ni swali ambalo kila mstari unaulizwa peke yake, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Mstari wa 2 unaulizwa: lita zako ni sawa na lita za juu kabisa za kijiji chako? MAXIFS inapita safu A, inaokota mistari yote yenye neno Uwemba, na kukuta lita 412, 438 na 397. Ya juu ni 438. Mstari wa 2 una 412, basi jibu ni hapana na rangi haiwekwi. Mstari wa 4 unaulizwa swali hilo hilo, una 438, jibu ni ndiyo. Mwisho wa zoezi mistari ya 4, 6, 7 na 9 ina rangi.

Alama za dola ndizo zinazoamua kama swali litabaki lile lile likishuka chini. Katika `$C2` dola imefunga safu tu, kwa hiyo namba ya mstari inabadilika: mstari wa 3 unasoma C3, wa 4 unasoma C4. Katika `$C$2:$C$10` dola zimefunga safu na mistari pia, maana orodha ya kulinganisha lazima ikae pale pale kwa wote. Ukizisahau dola za mbele ya namba za mistari, orodha nayo inateremka pamoja na swali, na kila mwanachama analinganishwa na walio chini yake tu. Katika mfano wetu mistari ya 8 na 10 nayo ingepata rangi, kwa sababu chini yao hakuna tena mtu wa kijiji chao. Ukiona wa mwisho wa kila kijiji amepakwa rangi wakati lita zake ni chache, kagua dola.

Kosa jingine la namna hiyo hutokea mtu anapoanza kuchagua seli kutoka A1, pamoja na vichwa, huku fomula yake ikianza na mstari wa 2. Fomula husomwa kwa kuanzia seli ambayo kishale kilikuwepo, hivyo mstari wa 1 unaulizwa habari za mstari wa 2, wa 2 unaulizwa habari za wa 3, na rangi yote inakaa mstari mmoja juu ya pale inapostahili. Dawa ni kuhakikisha mstari unaotajwa kwenye fomula ndio ule ule ulioanzia kuchagua.

MAXIFS haimo katika matoleo ya zamani ya Excel. Ilikuja na Excel 2019 na Microsoft 365, hivyo haimo katika toleo la 2010 wala la 2013. Huko swali linageuzwa kidogo: badala ya kuuliza kama wewe ndiye wa juu, tunauliza ni wangapi wa kijiji chako waliokuzidi. Kama hakuna, wewe ndiye bingwa.

```
=COUNTIFS($A$2:$A$10,$A2,$C$2:$C$10,">"&$C2)=0
```

Matokeo ni yale yale: mistari ya 4, 6, 7 na 9.

Orodha ya kweli haiishii mstari wa 10. Wanachama wapya wanaingia, na ukiandika mtu mstari wa 11, kanuni haimwoni. Wengi hutatua hilo kwa kurefusha eneo mapema, tuseme hadi mstari wa 500, kwenye fomula na kwenye seli zilizochaguliwa. Hapo wanashangaa kuona mamia ya mistari mitupu imepakwa rangi. Sababu yake ni hii: MAXIFS isipopata mtu wa kundi husika inarudisha sifuri, na Excel inapolinganisha seli tupu na sifuri inasema ni sawa. Hali hiyo hiyo huipata orodha mpya ya mwezi ambayo majina yamo lakini lita hazijaandikwa: kila mwanachama anaonekana bingwa. Kwa hiyo fomula ya kuaminika inaongezwa sharti kwamba seli ya lita isiwe tupu:

```
=AND($C2<>"",$C2=MAXIFS($C$2:$C$500,$A$2:$A$500,$A2))
```

Makosa yaliyobaki hayatoki kwenye fomula, yanatoka kwenye namna watu wanavyoandika orodha. Tuseme aliyeandika mstari wa 10 aligusa kitufe cha nafasi baada ya neno Matola. Kwa macho ni Matola ile ile, ila kwa kompyuta ni kijiji cha nne chenye mwanachama mmoja, na mwanachama huyo anapata rangi kwa lita zake 276. Herufi kubwa na ndogo hazina neno, matola na MATOLA vinahesabiwa kundi moja, lakini nafasi ya ziada au herufi iliyokosewa inazaa kundi jipya. Ukitilia shaka, andika `=LEN(A10)` kwenye seli ya pembeni. Matola ina herufi 6, kwa hiyo ukipata 7 umempata mchawi. Kinga iliyo bora ni kuwanyima watu nafasi ya kuandika jina la kijiji kwa mkono: tumia Data, kisha Data Validation, kisha List, ili wachague kijiji kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa.

Safu ya lita nayo ina mtego wake. Mtu akiandika "438 lita" badala ya 438, seli hiyo inakuwa maneno. MAXIFS inaruka maneno, hivyo bingwa wa Uwemba anakuwa mwenye 412, na aliyeleta 438 ananyimwa haki yake bila kelele yoyote. Dalili ni kwamba namba kubwa unayoiona kwa macho haina rangi, ilhali ya pili yake inayo. Tazama pia imesimama upande gani wa seli: kama hukugusa mpangilio, namba halisi hukaa kulia na maneno hukaa kushoto. Seli ibebe namba tupu, na neno lita likae kwenye kichwa cha safu.

Na kuna desturi ya kuandika jina la kijiji mara moja tu, kwenye mstari wa kwanza wa wanachama wake, kisha kuziacha seli za chini tupu au kuziunganisha ili ukurasa upendeze. Kwa karatasi ya kubandika ukutani inafaa. Kwa kanuni yetu inaharibu kila kitu, kwa sababu anayetambulika kuwa wa kijiji ni yule wa kwanza peke yake. Anashindana na nafsi yake, anashinda kila mwezi. Kila mstari lazima ubebe jina la kijiji chake.

Itulike imetoa mabingwa wawili, 017 na 005, kila mmoja na lita 371. Fomula imewapaka rangi wote wawili, na imefanya haki. Zipo mbinu za kuilazimisha imchukue aliyetangulia kwenye orodha pekee, lakini kutangulia kwenye orodha si sifa ya ufugaji. Kama zawadi ni moja, chama kiamue kigezo cha pili, kwa mfano ubora wa maziwa yaliyopimwa, na kigezo hicho kitangazwe kabla ya mwezi kuanza.

Kabla ya kubandika matokeo, hesabu. Mistari yenye rangi iwe sawa na idadi ya vijiji, ikiongezwa na waliofungana. Hapa vijiji ni vitatu na aliyeongezeka kwa kufungana ni mmoja, basi tunatarajia mistari minne, nayo ni minne. Ikizidi, tafuta jina la kijiji lililoandikwa vibaya. Ikipungua, huenda kanuni haikufika mwisho wa orodha, au kijiji kizima kimeandikwa lita kwa maneno. Hesabu hiyo pekee haimkamati yule wa 438 aliyegeuzwa maneno, kwa sababu idadi inabaki ile ile. Kwa hiyo panga orodha kwa kijiji, kisha kwa lita kuanzia kubwa, na upitishe jicho: mwenye rangi awe ndiye mwenye namba kubwa kuliko wote wa kijiji chake.